Fakture ya Koko na rezo ya ng'ambo ya Ruzizi

Koko anakaa Muhumba, hapa Bukavu, kwenye nyumba inayotazama Rwanda. Mjomba alimuandikisha kwenye laini ya kulipa mwisho wa mwezi, na fakture yake ilikuwa haibadiliki: dola 12 za laini, ukiongeza TVA ya 16% zinakuwa 13,92. Mwezi ule ikaja 38,28.

"Mujukuu, hawa watu wananiibia," aliniambia. "Miye sikuita mutu. Ni dada yangu wa Uvira ndiye ananiita."

Alisema kweli, na fakture yenyewe ilikubaliana naye. Kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na mstari `Appels reçus en itinérance`, yaani simu alizopokea akiwa kwenye rezo ya nchi nyingine: dakika 30, dola 15. Chini yake `Données en itinérance`, dola 6 za interneti. Ukiwa kwenye rezo ya nje, anayekupigia analipa kama uko nyumbani, na njia ya kuifikisha sauti huko ng'ambo unailipia wewe unayepokea.

Lakini Koko hakuwa amevuka mpaka. Tukasoma saa za kila simu: zote ni za jioni, siku ambazo umeme ulikatika mtaani. Antene ya karibu ikizimika, simu hutafuta nyingine, na kutoka barazani kwake ya Kamembe inashika vizuri. Hata yetu ikiwaka tena, simu inaweza kuchelewa kurudi, na katikati ya mazungumzo haivuki mpaka. Nikafungua mesaji zake nikakuta `Bienvenue au Rwanda` mara tisa. Koko alidhani ni matangazo. Kama unakaa karibu na mpaka, mesaji hiyo usiipite, na uangalie pia herufi ndogo R kando ya alama za rezo.

Kwanza nilizima `Itinérance des données`. Hapo wengi huishia, kumbe inazuia interneti peke yake. Simu zinazoingia zinaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo kwenye `Réseaux mobiles` nikaondoa uchaguzi wa otomatiki na kuchagua rezo yetu kwa mkono. Ubaya wake ni kwamba antene ikizimika, Koko anabaki bila rezo kabisa. Nilimueleza hilo kabla, kwa sababu mzee anayeishi peke yake anaweza kuhitaji kuita mtu usiku. Alisema jirani yuko ukutani tu.

Simu ikibadilishwa, mipangilio hiyo inapotea. Kesho yake tukaenda wote wawili kwenye ofisi ya kampuni, na fakture na kitambulisho, tukaomba wafunge itinérance kwenye laini yenyewe. Pesa hawakurudisha. Laini waliifunga, wakatupa karatasi yenye muhuri, na Koko ameitia kwenye Biblia yake.

Fakture iliyofuata ilisema 13,92. Alinisomesha mara mbili.