Steringi nzito inayolia: angalia povu kwanza

"Steringi imekuwa nzito na inalia nikigeuza polepole. Nianzie wapi?"

Habari mkuu. Zima injini, fungua kopo la mafuta ya steringi. Yakipungua, tafuta panapovuja. Yakiwa na povu, pampu inavuta hewa, ndiyo maana inavuma. Langu nilidhani pampu imekufa, kumbe klipu ya mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu ililegea. Niliikaza, nikajaza mafuta, nikanyanyua magurudumu ya mbele na kuweka stendi, kisha nikazungusha usukani pande zote mara 20 injini ikiwa imezimwa, huku nikiongeza mafuta, mpaka povu likaisha.

Mkanda ukilegea mlio ni tofauti: mkali kama filimbi, hasa ukikata kona yote. Hayo yakiwa sawa na bado inavuma, shuku pampu.