Barua kwa mwanangu: presha yangu itoe humo

"Mama, najitoa uweka hazina wa kamati ya harusi kwa sababu ya ule ugomvi wa nyumbani. Nimeandika ujumbe wa kuwaambia kwenye grupu, lakini nikiusoma naona nimemwaga kila kitu. Nikikata, unakuwa mkavu kama tangazo la serikali. Nikate nini, niache nini?"

Mwanangu,

Rasimu zako zote mbili nimezisoma. Nianze na ile ndefu, kwenye mstari huu: "Baba mdogo ameuza nusu ya kiwanja cha babu bila kutushirikisha, juzi kwenye kikao akamtukana mama mbele ya watu, presha ya mama ikapanda, mimi sijalala siku mbili, nikifungua daftari la michango naona maruerue tu."

Sasa tugawane mali. Kiwanja ni cha ukoo. Matusi ni ya baba yako mdogo. Presha ni yangu, na sijakutuma kuitangaza. Kilicho chako humo ni kukosa usingizi na lile daftari. Tena hapo pa daftari ndipo nilipokuonea huruma. Kiwanja kilinipa hasira, nikaanza kubishana kichwani nani ana haki, nikakusahau wewe. Wanakamati nao watafanya hivyohivyo.

Usidhani kutotaja jina kunatosha. Baba mdogo unaye mmoja, naye na mama wa bibi harusi wanasali pamoja. Andika "nyumbani kuna ugomvi" uishie hapo.

Halafu ule mstari wa mwisho, "wenye roho mbaya Mungu anawaona", ufute kabisa. Najua ulidhani umeficha. Hicho ni kijembe, na kijembe huwasha watu kuliko habari yenyewe: kila mtu atakuja pembeni kukuuliza ni nani. Ndivyo ninavyopima mimi. Msomaji akimaliza akauliza "nani huyo?", bado hujakata. Akiuliza "tukusaidieje?", umefika.

Ile fupi nayo ina hatari yake. "Kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wangu, najiuzulu." Mwanangu, mweka hazina akiondoka ghafla na maneno ya namna hiyo, watu wanafikiria jambo moja tu: hela zimeliwa. Kwa hiyo sababu yako iwepo, na hesabu iwepo.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Wapendwa, naomba kupumzika uweka hazina. Nyumbani kuna ugomvi na umenichukua moyo wote. Sijalala vizuri siku mbili, jana nimejumlisha michango mara tatu nikapata majibu matatu. Sitaki kukosea hela za watu. Iliyofika mpaka leo ni shilingi 2,350,000, yote iko kwenye akaunti ya kamati, na daftari namkabidhi mwenyekiti Jumamosi. Inaniuma kuwaacha njiani. Harusini nitakuwepo. Naomba tusiulizane ya nyumbani kwa sasa, nikiwa tayari nitasema."

Umeona kwamba machungu hayajapungua? "Inaniuma" imebaki, "moyo wote" imebaki. Hiyo ya kujumlisha mara tatu nimeitoa kwenye simu yako ya jana usiku. Kwenye rasimu hukuiweka, na ndiyo yenye ukweli kuliko zote. Hesabu irekebishe iwe ya daftari, ukishaipitia na mtu mwingine.

Kosa hili nalijua kwa sababu nililifanya. Mwaka mmoja nilichelewesha rejesho la kikoba, nikawaandikia wenzangu sababu: nimegombana na shangazi yako, nikaeleza na alichonikopa. Tulipatana Iddi ya mwaka uleule, tukala pamoja. Wanakikoba hawakuwepo kwenye kupatana. Mpaka leo shangazi yako akija kunitembelea, kuna wanaomwangalia kwa jicho lile la barua yangu.

Jambo la mkono tu: usiandikie ndani ya grupu, kidole kikiteleza imekwenda. Jiandikie kwenye namba yako mwenyewe, ulale nao, asubuhi ndipo uunakili. WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tu, na kuufuta baadaye hakuondoi picha aliyokwisha kuipiga mtu.

Bibi harusi ni rafiki yako tangu darasa la kwanza, huyo mpigie simu umwambie yote, na ulie ukitaka. Mpigie kabla hujatuma kwenye grupu, asije akasoma pamoja na wengine.

Daftari usilitoe mkononi kabla mwenyekiti hajasaini. Presha leo asubuhi ilikuwa 130 kwa 80, nakwambia wewe, si kamati.

Mama yako