Dakika 11 za ramani sio dakika 11 za bibi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kusindikiza wazee na watu wa viti mwendo, wiki hii tena nimemuona mmoja wenu kafungua ramani ya simu, imemwambia dakika 11, kaongeza 5 za uzee, basi kaandika kwenye fomu na kaondoka zake. Nawapenda lakini hii mnanichosha, maana hiyo hesabu ya 11 jumlisha 5 niliifanya mimi na najua iliishia wapi.

1. Pima mwendo wa mtu mwenyewe. Ramani inamhesabu mtu mwenye miguu mizima, karibu kilomita 5 kwa saa. Bibi niliyekuwa nampeleka kliniki alikuwa anatembelea fremu, umbali mita 900, miadi saa nne, tukatoka saa nne kasoro dakika 16. Mita mia za kwanza nikaona tunaenda vizuri, baadaye nikaanza kuangalia saa, halafu nikaanza kusema "twende bibi, twende", na yeye kila nikisema hivyo anaacha kuongea ili apate pumzi ya kutembea. Tukafika kwenye taa, kijani imeshawaka sekunde kadhaa, mimi kwa haraka zangu nikamwambia tuvuke. Barabara ile ni kama mita 14. Taa ikabadilika tuko katikati, magari yakaanza kuunguruma, na nikaona vidole vyake vimeikamata fremu mpaka vimekuwa vyeupe, fremu yenyewe inatetemeka. Dereva mmoja akashuka akawazuia wengine. Tulipofika ng'ambo bibi akaniuliza taratibu, "mwanangu, nimekukosea nini?" Sikuwa na jibu. Kliniki tulifika dakika 25 baada ya miadi, nafasi yake keshapewa mwingine.

Jioni nikakaa na hesabu. Siku iliyofuata nilimpima mita 20 za korido, akatumia sekunde 36, yaani mita 0.55 kwa sekunde. Mita 900 kwa mwendo huo ni dakika 27, na hapo hajasimama hata mara moja. Alipumzika mara nne, kila mara kama dakika mbili, hizo 8. Taa zilikuwa mbili, weka dakika moja na nusu kila moja, 3. Halafu kliniki ina ngazi mlangoni na rampu iko upande wa nyuma, mita 80 zaidi, dakika mbili na nusu. Jumla dakika 40 na ushee, mimi nilitoa 16. Kwa hiyo zile tulizochelewa zilikuwepo tangu tunafunga mlango wa nyumbani kwake.

Ukipima, mpime akiwa ameshatembea kidogo, sio pale anapoinuka kwenye kiti ana nguvu mpya. Kurudi ni polepole kuliko kwenda.

2. Taa. Hapa ndio mnakosea sana, mnakadiria kusubiri kwa wastani, eti saa nyingine tutakuta kijani. Taa nyingi zimepangiwa mtu wa mita 1 mpaka 1.2 kwa sekunde. Yule bibi kwa mita 14 anahitaji sekunde 25, na taa ile kijani pamoja na ile ya kuwaka na kuzima ilikuwa 18. Maana yake hata tungeanza kijani inapowaka tu, angefika mita 10 na muda umekwisha. Kwa mtu kama huyo kijani uliyoikuta inawaka sio yako, subiri inayofuata, kwa hiyo hesabu nyekundu nzima kila taa. Na kama muda hautoshi hata ukianza mwanzo, tafuta kivuko chenye kisiwa katikati, mvuke nusu nusu, hesabu kusubiri mara mbili.

3. Rampu na kiti mwendo. Rampu nzuri kila sentimita 1 ya kupanda inachukua 12 za urefu, basi ngazi za sentimita 60 zinageuka mita 7 na kitu, na anayejisukuma mwenyewe anapanda taratibu sana halafu juu anahitaji kupumua kabla ya mlango. Lakini kinachokula muda zaidi ni ukingo wa barabara usioshushwa: mnafika kwenye kona, hakuna pa kushukia, mnarudi mlikotoka. Pitia njia siku moja kabla, angalia kila kona. Kushuka nako sio bure, rampu kali mshushe kinyumenyume.

4. Sehemu za kukaa ziandike kwenye njia, fremu bila kiti sio mapumziko.

Miadi iliyofuata bibi alikubali niende naye tena. Tulitoka dakika 50 kabla. Kwenye ile taa tukakuta kijani, tukaiacha ikaisha, tukaenda kivuko cha mbele chenye kisiwa, akasimama pale katikati ananisimulia habari za mjukuu wake huku magari yanapita pande zote mbili.