Maliza mazungumzo ya mshahara kwanza, ndipo uombe siku za kufanyia kazi nyumbani

Wadogo zangu mnaoanza kupokea barua za ajira kwenye mashirika na kampuni hapa Dodoma, haya nimeyaona nikiwa upande wa mwajiri, kwenye ofisi ya utumishi. (Serikalini ni habari nyingine, kule saa na kituo cha kazi hufuata taratibu za utumishi wa umma.) Mtu akileta ombi la mshahara na ombi la siku za nyumbani kwa mpigo mmoja, afisa utumishi huanza kupima kimoja kwa kingine: "Ijumaa tutakupa, ila kwenye mshahara tubaki palepale." Hapo umelipia kitu ambacho pengine ungepewa bure.

Mara nyingi mambo haya mawili hayaamuliwi na mtu mmoja. Mshahara unafungwa na bajeti, na anayeusimamia ni utumishi na fedha. Siku ya kuwa nyumbani haigusi bajeti, inamgusa mkuu wa idara utakayekuwa chini yake, maana yeye ndiye atakayekutafuta asikuone mezani. Kwa hiyo jadili mshahara mpaka uandikwe kwenye barua. Kisha, kabla hujasaini, omba kuzungumza na mkuu wa idara. Usingoje mpaka uanze kazi. Ukiwa kwenye kipindi cha majaribio, utasikia wakikuambia "tuone kwanza", na hiyo "kwanza" huwa haina tarehe.

Chukua mfano wa afisa takwimu mwenye familia Morogoro. Ofisi iko Dodoma, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa moja ya chakula, yaani saa 40 za kazi kwa wiki. Mshahara wameshakubaliana. Anaandika hivi:

"Nashukuru kwa barua ya ajira, na suala la mshahara kwangu limekamilika. Kabla ya kusaini naomba tuzungumze kuhusu ratiba. Ningependa Jumatatu na Ijumaa nifanyie kazi Morogoro, na Jumanne hadi Alhamisi niwe ofisini. Kusafisha data na kuandika ripoti nitavipanga siku hizo mbili. Vikao na kazi za wilayani zibaki katikati ya wiki."

Ona kwamba hajaeleza habari za watoto wala nauli. Ameeleza kazi gani itafanyika wapi, kwa sababu hilo ndilo swali la mkuu wa idara. Mkuu anajibu kwamba Jumatatu kuna kikao cha timu saa 8 mchana, kwa hiyo hawezi kukosekana. Wengi hukata tamaa hapa, kumbe mlango bado uko wazi: kikao ni cha mchana. Afisa wetu anaomba Ijumaa abaki nyumbani, na Jumatatu aingie saa 5 asubuhi akitoka kwenye treni. Saa 3 anazokosa Jumatatu anazifidia kwa kutoka saa 12 jioni badala ya saa 11, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Saa zinabaki 40 zilezile.

Hesabu hiyo pia inakaa ndani ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki, na siku zake ndefu zimefika saa 9 kamili. Angetaka kurefusha zaidi, kifungu cha 21 kinaruhusu hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, bila malipo ya ziada, lakini lazima pawe na makubaliano ya maandishi.

Na maandishi ndiyo yanayosahaulika. Mkuu wa idara anakubali kwa mdomo, halafu mkataba unakuja na maneno "mahali pa kazi: Dodoma" na saa zilezile za mwanzo. Mkuu huyo akihama, mrithi wake atasoma mkataba tu. Kifungu cha 15 kinataka mwajiri aandike mahali pa kazi na saa za kazi, kwa hiyo omba hapohapo paandikwe: "Dodoma, na Ijumaa nyumbani kwa mfanyakazi, Jumatatu kuanzia saa 5 asubuhi." Wakikataa kugusa mkataba, pata angalau barua iliyosainiwa. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri anayebadilisha masharti hayo ashauriane nawe na akuarifu kwa maandishi.

Wakikuwekea maneno "kwa hiari ya mwajiri", usigombe. Omba yaongezwe maneno "kwa taarifa ya siku 30", upate muda wa kupanga chumba Dodoma.

Mwisho, kagua posho ya usafiri kwenye mkataba wa mwisho. Nimeona ikipunguzwa kimyakimya kwa sababu "siku moja hutakuja ofisini". Ikitokea, uliza kwa upole, ukiambatisha barua ya kwanza yenye kiasi mlichokubaliana.