Fomula za mweka hazina aliyeondoka hazieleweki, nianzie wapi?

Swali: Wakuu habari zenu. Nimekabidhiwa uweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na faili la Excel la mikopo limetengenezwa na mwenzangu aliyehamia mkoa mwingine. Ndani kuna Sheet1, Sheet2, Sheet3 tu, na kwenye kila mkopo kuna fomula kama hii chini. Inafanya kazi ila sijui inasema nini, naogopa hata kuigusa. Nifanyeje ili mimi na atakayekuja baada yangu tuielewe?

```
=IF(D7>Sheet1!$B$2*Sheet2!C7,"IMEZIDI",D7*Sheet1!$B$3)
```

Jibu: Salama mkuu, na umefanya vizuri kutoigusa kabla ya kuuliza. Kwanza save kopi ya faili kwa jina lingine, afu fungua kopi hiyo uandike pembeni kwenye karatasi jumla ya riba ya mikopo yote kama inavyosomeka leo, maana ndiyo itakayokuambia mwishoni kama kuna kitu kimeharibika.

Nikiisoma hiyo fomula kwa jinsi vikundi vingi vinavyokopesha, D7 ni kiasi alichoomba mwanachama, Sheet2!C7 ni akiba yake, Sheet1!$B$2 ni ile "mara tatu ya akiba" na Sheet1!$B$3 ni riba ya mwezi. Yaani mwenye akiba ya 400,000 akiomba 900,000 anapita kwa sababu ukomo wake ni 1,200,000, na kama riba yenu ni asilimia 1.5 basi anatozwa 13,500 kwa mwezi. Hakikisha kwa kufungua hizo seli na kuangalia kilichomo, usiniamini mimi niliyesoma fomula tu, manake jina ukiliweka kwenye seli isiyo yake ni baya kuliko kutokuwa na jina kabisa, watu watasoma "riba" wakaamini ni riba na hakuna atakayerudi kukagua.

Ukishajua kila shiti kazi yake anza na majina ya shiti, hii ni rahisi na haina hatari kubwa. Kliki mara mbili pale chini palipoandikwa Sheet1, andika Vigezo, bonyeza Enter. Sheet2 iite Akiba, Sheet3 iite Mikopo. Excel yenyewe itabadilisha fomula zote za ndani ya faili. Isipokuwa sehemu mbili haitagusa, fomula yenye INDIRECT ambayo jina la shiti limeandikwa ndani ya alama za nukuu kama maneno ya kawaida, na makro zinazotaja shiti kwa jina, kwaiyo kabla hujaanza tafuta neno INDIRECT kwa Ctrl+F kwenye faili zima uone kama lipo. Jina la shiti lisizidi herufi 31, na kama unaweza liwe neno moja, au uunganishe kwa kistari cha chini, sababu ukiacha nafasi fomula inalazimika kuandika 'Akiba za Wanachama'!C7 na vile vialama, na ukisahau kimoja ukiwa unaandika kwa mkono inakataa. Baada ya hapo tu fomula yako inasomeka hivi, na tayari ina nafuu:

```
=IF(D7>Vigezo!$B$2*Akiba!C7,"IMEZIDI",D7*Vigezo!$B$3)
```

Sasa majina ya seli. Nenda shiti ya Vigezo, kliki B2, angalia juu kushoto kabisa kuna kiboksi kidogo kinachokuandikia B2, kliki humo, futa, andika Ukomo_Mara, bonyeza Enter. Ukikliki pembeni bila Enter halishiki. B3 ipe Riba_Mwezi. Jina halipokei nafasi na halianzi na namba, na kuna mtego unaowasumbua watu bila kujua: ukitaka kuita seli VAT18 au MEI2025 Excel haitakuambia kosa, itakupeleka tu mbali huko kwenye sehemu tupu ya shiti, kwa sababu kolamu zinafika hadi XFD kwaiyo VAT18 ni seli halisi, ipo. Hujaharibu kitu, bonyeza Ctrl+Home urudi, afu tumia VAT_Asilimia au Mei_2025. Na usiweke thamani ndani ya jina, mfano Riba_1_5, kesho mkutano mkuu ukibadilisha riba jina linabaki likisema uongo.

Kutoa jina hakubadilishi fomula zilizopo, zitaendelea kusema Vigezo!$B$2 mpaka uzibadilishe mwenyewe. Hapa ndipo kazi ilipo. Bonyeza Ctrl+H, kwenye Find what weka Vigezo!$B$2, kwenye Replace with weka Ukomo_Mara, fungua Options na kwenye Within chagua Workbook. ILA kabla hujabonyeza Replace All bonyeza Find All kwanza usome orodha, sababu Excel inatafuta herufi, haielewi kwamba $B$2 na $B$20 ni seli mbili tofauti. Kama kule chini B20 mmeweka mchango wa msiba, fomula zote za msiba zitageuka kuwa Ukomo_Mara0 na zitakupa #NAME?. Dawa yake ni kuanza na zile ndefu, B20 ipe jina lake, mfano Mchango_Msiba, ibadilishe kwanza, B21 hivyo hivyo, ndo uje B2 na B3. Ukimaliza fomula inakuwa hivi:

```
=IF(D7>Ukomo_Mara*Akiba!C7,"IMEZIDI",D7*Riba_Mwezi)
```

Halafu fanya hii ambayo wengi wanairuka, tafuta tena kwa Ctrl+F neno Vigezo! peke yake kwenye faili zima na uhakikishe Look in iko kwenye Formulas. Zitakazojitokeza ni zile ambazo hazikuwa na alama ya dola, na hizo mara nyingi ndizo zenye makosa ya siku nyingi. Mtu aliandika Vigezo!B3 bila dola kwenye mstari wa 7 akaburuta chini, mstari wa 8 ukawa B4, wa 9 ukawa B5, yaani mkopo wa tatu unatozwa kwa kiasi cha faini badala ya riba na hakuna aliyeona kwa sababu namba ilitoka tu. Jina halihami ukiburuta, Riba_Mwezi ni Riba_Mwezi mstari wa 7 na mstari wa 300. Kwaiyo hizo nazo ziwekee jina linalostahili, na baada ya hapo linganisha jumla ya riba na ile uliyoandika kwenye karatasi. Ikitofautiana na hizo zisizo na dola ndizo zilizosababisha, basi usinyamaze, lipeleke kwa kamati na majina ya mikopo husika, hiyo ni hela ya watu.

Hapo umebaki na Akiba!C7, na hii kwa kweli inanitia wasiwasi zaidi kuliko zote. Inategemea mwanachama wa mstari wa 7 kwenye Mikopo awe mstari wa 7 kwenye Akiba. Siku mtu akipanga shiti ya Akiba kwa alfabeti, kila mkopo unapimwa kwa akiba ya mtu mwingine. Kama kila mwanachama ana namba yake, na tuseme kwenye Mikopo iko kolamu B, kule Akiba chagua seli za namba A5 hadi A64 uziite Akiba_Namba, na C5 hadi C64 uziite Akiba_Jumla, halafu:

```
=IF(D7>Ukomo_Mara*SUMIF(Akiba_Namba,B7,Akiba_Jumla),"IMEZIDI",D7*Riba_Mwezi)
```

Hii hata mtu asiyejua Excel sana akiisoma taratibu anaelewa, kiasi kikizidi mara za ukomo zidisha akiba ya mwanachama huyu, sema imezidi, la sivyo piga riba. Ila angalia, jina la safu halikui lenyewe. Mwanachama mpya ukimuandika mstari wa 65 yuko nje ya jina, SUMIF itampa akiba sifuri, na utaona mkopo wake hata wa 50,000 unasema IMEZIDI. Ukiona dalili hiyo kwa wageni tu ujue ni hili. Suluhisho la kudumu ni kusimama ndani ya orodha ya Akiba ubonyeze Ctrl+T iwe jedwali, kwenye Table Design ulipe jina Wanachama, kisha bonyeza Ctrl+F3, kwenye Refers to ya Akiba_Namba uandike =Wanachama[Namba] na ya Akiba_Jumla =Wanachama[Jumla], mradi vichwa vya kolamu vimeandikwa hivyo hivyo. Kuanzia hapo ukiongeza mtu chini jedwali linarefuka na majina yanafuata.

Kuna kitu kimoja jina haliwezi kukufanyia. Riba_Mwezi inabeba riba moja tu, kwaiyo mkutano ukiishusha kutoka 1.5 hadi 1.25 ukabadilisha ile seli, mikopo ya zamani nayo itajihesabu upya kwa riba mpya. Kama makubaliano yenu ni kwamba mkopo unabaki na riba ya siku uliotolewa, basi kwenye Mikopo weka kolamu ya riba ya mkopo huo, siku ya kutoa mkopo iandike kama namba ya kawaida, na fomula itumie kolamu hiyo badala ya jina.

Makosa mawili utakutana nayo mbele ya safari. Ukiona #NAME? maana yake jina halipo, limefutwa au limeandikwa vibaya. Ukiona #REF! jina lipo ila seli yake ilifutwa, mara nyingi mtu kafuta mstari mzima kwenye Vigezo akidhani ni mtupu. Yote yanaangaliwa kwa Ctrl+F3, pale kuna Filter yenye Names with Errors. Na dirisha hilo hilo lina kolamu ya Scope, iangalie kila mtu akikopi shiti, sababu ukikopi shiti yenye seli zilizopewa majina Excel inatengeneza jina la pili linalofanana, la shiti hiyo mpya tu, mnajikuta na Jumla_Mikopo mbili zenye namba tofauti. Ndo maana nashauri majina yote yakae Vigezo na Akiba, shiti ambazo hamna sababu ya kuzikopi, na Mikopo muikopi mtakavyo.

Mwisho wa kazi nenda shiti ya Vigezo sehemu iliyo wazi pembeni, bonyeza F3, chagua Paste List. Itamwaga majina yote na seli zinakoelekea, we ongeza kolamu ya tatu uandike kwa Kiswahili cha kawaida kila jina ni nini na liliamuliwa kwenye mkutano wa tarehe gani. Orodha hiyo haijisasishi, ukiongeza jina jipya imwage tena juu ya ile ya zamani, afu kagua kama maelezo ya kolamu ya tatu bado yako mbele ya jina lake.