Mwenye madaraka na mwenye nguvu

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya siasa, niko likizo nyumbani Kigoma. Kwenye insha niliandika: “Nadharia ya wasomi inasema wasomi ndio wenye madaraka, nadharia ya vyama vingi inasema madaraka ni ya wananchi wote.” Mwalimu amezungushia kalamu nyekundu “wasomi” na “vyama vingi”, hakueleza kitu. Niandike nini?

Jibu: Mwalimu wako amezungushia maneno mawili. Mimi ningezungushia na la tatu, “madaraka”, na hilo ndilo limeniudhi kuliko yote. Nianze lakini na yale aliyoyaona yeye.

“Wasomi”, kama tafsiri ya neno eliti, ni kosa, hata kama unalikuta kila mahali. Mwanasosholojia C. Wright Mills alipoeleza nadharia hii mwaka 1956, akiizungumzia Marekani, alitaja watu wa aina tatu: wakuu wa majeshi, wenye kampuni kubwa, na viongozi wa juu wa serikali. Hakuwapima kwa vyeti. Aliwapima kwa viti wanavyokalia, mahali ambapo uamuzi wa mtu mmoja unagusa maisha ya mamilioni. Mwalimu wa sekondari pale Kasulu mwenye shahada mbili ni msomi, lakini kwenye kundi hilo hayumo. Tajiri aliyeishia darasa la saba anaweza kuwamo.

Wapo wanaoandika “wateule”, na wana hoja, maana eliti lilitoka kwenye Kifaransa likibeba maana ya kuchagua. Ila kwetu mteule ni aliyeteuliwa: jina lake limetangazwa na Ikulu, au ametengwa na Mungu. Huku Tabora hata tumbaku huteuliwa, na mteuzi unamwona kwa macho amesimama mbele ya robota. Kundi la Mills halina mteuzi. Neno hilo nalivumilia, ila mwenyewe huandika “wachache wenye nguvu”. Usikimbilie “tabaka tawala” pia. Mills alilikataa akieleza kuwa tabaka ni neno la uchumi na kutawala ni neno la siasa. Ukiyaunganisha umeshasema mwenye mali ndiye anayetawala, kabla hujathibitisha.

“Vyama vingi” ni mfumo ulioruhusiwa kisheria nchini kwetu mwaka 1992. Wapluralisti, yaani wenye nadharia hiyo ya pili, hawazungumzii vyama vya siasa peke yake. Wanazungumzia makundi: wafanyabiashara, wafanyakazi, wazazi wa shule, watu wa dini, wenye nyumba. Kila kundi linasukuma lake, na hakuna linaloshinda kila mahali. Iite “nadharia ya makundi mengi”. Na usiseme kwamba kwao kila mwananchi ana sehemu sawa, kwa sababu hawajawahi kusema hivyo.

Sasa “madaraka”. Daraka, neno la asili ya Kiarabu, ni wajibu au dhamana aliyokabidhiwa mtu. Madaraka hutolewa kwa barua na hurudishwa kwa barua. Mkuu wa wilaya anayo, mkurugenzi anayo, diwani anayo, na anayetaka kujua ni ya nani asome tangazo la serikali. Ndiyo maana “nani ana madaraka?” ni swali linalomalizwa na karani kwa dakika tano. Ubishi wa miaka sabini kati ya wapluralisti na wenzao ni juu ya kitu kingine: nani hupata analolitaka pale wengine wanapotaka jambo tofauti. Kitu hicho kwa Kiswahili ni nguvu. Nguvu haina barua. Ukiiita madaraka, umefuta swali kabla ya kulijibu, na msomaji wako ataondoka akidhani siasa ni orodha ya vyeo.

Historia yetu yenyewe ingetosha kutufundisha. Mwaka 1972 serikali ilianzisha Madaraka Mikoani. Halmashauri zilizochaguliwa na watu zikavunjwa, kazi zao zikaenda kwa maofisa wa mikoa na wilaya, na ilipofika 1982 zikatungwa sheria za kuzirudisha. Madaraka kweli yalifika mikoani. Kama mkulima wa Urambo alipata nguvu zaidi kwa hilo ni swali la pili, na mwenye neno moja tu la kutumia kwa yote mawili hawezi hata kuliuliza.

Mimi nilijifunza tofauti hii nikiwa mtoto, kwenye mkutano wa chama cha wakulima wa tumbaku kijijini kwetu. Mwenyekiti na katibu walikaa kwenye meza yenye kitambaa, muhuri umewekwa mbele yao. Ajenda ilikuwa gharama ya kusafirisha tumbaku kutoka kijijini. Kabla haijafunguliwa, mwenyekiti aliinuka, akaenda chini ya mwembe nje ya ghala, alikokaa mtu mmoja mwenye malori, akainama kidogo kumsikiliza. Aliporudi, ajenda ikaahirishwa. Mtu yule hakuwa mwanachama wala hakuwa na cheo chochote. Baba aliniambia njiani, “Umemwona mwenyewe wa mkutano?”

Ukiwa mwaka wa pili utashawishika kusema: basi nadharia ya wachache imethibitishwa. Ngoja kwanza. Mpluralisti angekuuliza: ilipokuja ajenda ya darasa jipya la shule, mwenyekiti alikwenda tena chini ya mwembe? Ilipokuja ya kisima? Kama kwa kisima waliopata walilotaka ni akina mama, na kwa shule ni kamati ya wazazi, basi mwenye malori ana nguvu katika usafirishaji peke yake. Swali hilo ndilo moyo wa hoja ya Robert Dahl, mwanasayansi wa siasa na mpluralisti.

Lilikuja hivi. Mwaka 1953 mwanasosholojia Floyd Hunter alitoa utafiti wa mji wa Atlanta, Marekani. Alikusanya majina ya watu mashuhuri, akawapa waamuzi wanaoujua mji wachague walio juu kabisa, akabaki na watu 40, wengi wao wafanyabiashara waliokuwa wakijuana. Dahl na wenzake walimpinga: ukiuliza watu ni nani mwenye nguvu, utapata sifa, na sifa ya nguvu si nguvu. Mwaka 1957 Dahl akaweka kipimo chake: A ana nguvu juu ya B kwa kadiri anavyoweza kumfanya B atende jambo ambalo B asingelitenda. Tazama vizuri, hakuna cheo humo, hakuna ofisi. Weka “madaraka” mahali pa “nguvu” uone jinsi sentensi inavyokufa.

Akaenda mji wa New Haven na kuchunguza maamuzi ya mambo matatu: kujenga upya katikati ya mji, elimu ya shule za umma, na uteuzi wa wagombea ndani ya vyama. Katika kila moja aliuliza nani alianzisha pendekezo, nani alilizuia, nani alishinda. Matokeo aliyochapisha mwaka 1961 ni kwamba walioshinda katika jambo moja kwa kawaida hawakuwa walioshinda katika jingine. Fedha, muda, ujuzi na kura havikugawanywa sawa, lakini pia havikurundikana kwa watu walewale. Aliyeonekana karibu kila mahali ni meya, Richard Lee, ambaye alihitaji kura kubaki kitini.

Hapa kuna kisa kimoja ambacho nakuomba ukae nacho. Meya Lee aliunda kamati ya raia ya kusimamia ujenzi ule, akaijaza wakubwa wa mji kutoka mabenki, viwanda na chuo kikuu. Dahl alikuta kwamba kamati haikuwahi kupinga wala kubadilisha kwa uzito pendekezo lolote la meya. Kwa mpluralisti, huo ni ushahidi kwamba matajiri walimfuata meya. Lakini Dahl mwenyewe aliandika kwamba watu wa meya walitengeneza mapendekezo wakijua nini kamati ingekubali. Sasa nani alimfuata nani? Mwenye nguvu kweli hapingi, kwa sababu lisilompendeza halifiki mezani. Mwenyekiti wetu aliinuka kwenda chini ya mwembe. Mwenyekiti mzoefu zaidi asingehitaji kuinuka.

Peter Bachrach na Morton Baratz waliliweka hilo wazi mwaka 1962: nguvu ina uso wa pili, wa kuzuia jambo lisiwe ajenda. Wapluralisti wakajibu kwa haki kabisa: jambo ambalo halikutokea utalipimaje? Ukidai kila kimya ni kazi ya wakubwa, hakuna ushahidi utakaoweza kukukanusha, na hoja isiyoweza kukanushwa haifai darasani.

Matthew Crenson alionyesha njia mwaka 1971. Alichukua miji miwili jirani ya jimbo la Indiana, yote ya viwanda vya chuma, yote yenye moshi mchafu. East Chicago ilipitisha sheria ya kuzuia moshi mwaka 1949. Gary ilingoja hadi 1962. East Chicago ilikuwa na kampuni kadhaa. Gary ilijengwa na kampuni moja, US Steel, na iliishi kwa kampuni hiyo. Crenson hakukuta US Steel ikiwatisha madiwani. Ilikaa kimya, na maofisa wake walipolalamikiwa walikubali kwa kichwa kwamba moshi ni tatizo, basi. Watu wa mji walijua wenyewe nani anawaajiri. Kwa kulinganisha miji miwili inayofanana, kimya cha Gary kikapimika: ni miaka 13 ya kuchelewa. Hata hivyo usikichukulie kisa hiki kama ushindi wa Mills. Kinaonyesha kwamba kampuni inaweza kuwa na nguvu bila kutenda. Hakionyeshi kwamba kundi moja linaitawala Marekani yote.

Na angalia, katika visa vyote hivi, madaraka hayakuhama hata siku moja. Diwani wa Gary aliyakamata yote, sheria ikimruhusu kupiga kura dhidi ya moshi wakati wowote. Hapo ndipo ninaposhindwa kulivumilia neno lako.

Andika hivi: “Nadharia ya wachache inadai kwamba nguvu katika demokrasia iko mikononi mwa kundi dogo lilelile, hata pale madaraka yanapokuwa kwa waliochaguliwa. Nadharia ya makundi mengi inadai kwamba nguvu imetawanyika, si sawa kwa wote, bali kwa namna ambayo hakuna kundi linaloshinda katika kila jambo.” Kisha taja ni jambo gani ulilichunguza, ni nani alilileta mezani, na kama unao mji wa pili wa kulinganisha.