Ile 596 juu ya ada ya 2,000 si tozo, ni kodi mbili zilizopandana

Swali: "Wakuu, kwenye orodha ya ada ya benki yangu wameandika kuhamisha pesa kwenda benki nyingine ni 2,000. Juzi nimetuma 400,000, nikakatwa 2,596. Hiyo 596 ni tozo imerudi kimyakimya au benki wananipiga? Na mbona nikitoa kwa wakala wa simu ndiko naona neno tozo, huku benki silioni?"

Benki hawajakupiga, na tozo kwenye kuhamisha benki kwenda benki haijarudi. Ulichokatwa ni ushuru wa bidhaa na VAT, na vyote viwili vimetozwa kwenye ile 2,000, havijagusa 400,000 yako.

Mimi nauza mchele Dar, mzigo nautoa Ifakara, na kwa miaka kadhaa sasa kila shilingi inayokatwa njiani naiandika kwenye daftari. Nilianza Julai 2021 tozo ilipoingia, kwa sababu faida yangu kwa gunia ni ndogo na nilitaka kujua inaliwa na nani.

Hesabu yako iko hivi. Ada ya benki ni 2,000. Ushuru wa bidhaa kwenye ada za benki na za kutuma pesa ni asilimia 10, kwa hiyo 200. Sasa una 2,200. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye 2,000, inapigwa kwenye 2,200, yaani ada pamoja na ushuru wake. Asilimia 18 ya 2,200 ni 396. Jumla 2,596. Wengi hujumlisha 10 na 18 wakapata 28, wakategemea kukatwa 2,560, halafu ile 36 iliyozidi inawafanya waamini wameibiwa. Njia fupi ni kuzidisha ada kwa 1.298. Ukiwa na jumla na unataka kujua ada halisi, gawanya kwa 1.298 hiyo hiyo.

Kuna jaribio dogo la kukutoa wasiwasi, na mimi nimelifanya. Tuma kiasi kingine kilicho kwenye daraja lile lile la ada, mathalani 250,000 badala ya 400,000. Kama kilichozidi kinabaki 596 ile ile, hiyo ni kodi ya ada. Tozo haitulii namna hiyo. Tozo inaangalia kiasi unachohamisha au unachotoa, haina habari na ada ya kampuni, na ina madaraja yake yenyewe. Hapo ndipo vitu hivi viwili vinapoachana, na ukikishika hicho hutachanganyikiwa tena: kodi inafuata ada, tozo inafuata pesa.

Kwa nini basi watu wengi bado wanaona kila makato ni tozo? Kwa sababu kwa muda fulani ilikuwa kweli. Tozo ya miamala ya simu ilianza 15 Julai 2021, kwenye kutuma na kwenye kutoa, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Ulikuwa ukimtumia mtu pesa unakatwa wewe, akienda kuitoa anakatwa na yeye, pesa ile ile. Baada ya malalamiko ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba 2021, kiwango cha juu kikawa 7,000. Julai 2022 kikashuka hadi 4,000, lakini hapo hapo tozo ikapanuliwa ikaingia na kwenye miamala ya benki.

Hiyo miezi ya Julai hadi Septemba 2022 naikumbuka kwa uchungu. Mteja wangu wa hoteli alikuwa ananilipa kwa benki. Mimi nahamisha kutoka benki kwenda kwenye simu ili nimtumie dalali wangu Ifakara, dalali anatoa taslimu kuwalipa wakulima. Pesa moja ya mchele mmoja ilipita kwenye malango matatu, na kila lango lilikuwa na ada, ushuru, VAT na tozo. Nilipokaa na daftari mwisho wa mwezi niligundua kwamba makato yanakula zaidi ya ninachowalipa wapakiaji. Nikarudi kubeba pesa mfukoni kwenye basi, jambo ambalo mke wangu hakulipenda hata kidogo, na alikuwa na haki.

Tarehe 20 Septemba 2022 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alitangaza bungeni kwamba kuanzia 1 Oktoba tozo inaondolewa kwenye kuhamisha benki kwenda simu, simu kwenda benki, ndani ya benki moja, na benki kwenda benki. Pia kutoa pesa kwenye ATM au kwa wakala wa benki kiasi kisichozidi 30,000 kukawa hakuna tozo, na viwango vilivyobaki vikapunguzwa. Kisha kwenye bajeti ya 2023/24 tozo ya kutuma kwa simu ikafutwa, ikabaki ya kutoa. Ndiyo maana unaliona neno hilo kwa wakala wa simu na hulioni kwenye uhamisho wako wa benki.

Kuna na lingine linaloendana na hilo, kwa nini ushuru na VAT vinaonekana benki na kwenye simu havionekani. Benki nyingi huandika ada bila kodi kwenye orodha yao, halafu kwa maandishi madogo chini wanasema kodi za serikali zitaongezwa. Ukifungua taarifa ya akaunti unakuta mistari mitatu kwa ada moja: ada yenyewe, `EXCISE DUTY` na `VAT`. Kwa simu kodi hizo hizo zipo, ila zimeshawekwa ndani ya ada unayoiona. Meseji ikikwambia ada ni 1,000, ukigawanya kwa 1.298 unapata kama 770 za kampuni. Ushuru ni 77, na VAT ni kama 153. Yaani shilingi 230 katika kila elfu ya ada zinakwenda serikalini hata pale ambapo hakuna tozo kabisa. Tozo yenyewe ikiwapo inaandikwa pembeni, nje ya ada, kwa hiyo jicho linaiona hiyo peke yake na kudhani ndiyo makato yote ya serikali.

Hili lina matokeo unapolinganisha. Shemeji yangu aliwahi kuniambia simu ni rahisi kuliko benki kwa sababu simu ada ilikuwa 2,500 na benki 2,000 "halafu wanaongeza". Baada ya kuongeza, benki ilikuwa 2,596. Hapo ni kweli simu ilikuwa rahisi, kwa shilingi 96. Lakini mpokeaji alitaka taslimu, na kule kwenye simu akakutana na ada ya kutoa na tozo juu yake. Linganisha namba ya mwisho na namba ya mwisho, hadi pesa ifike mkononi mwa anayeihitaji.

Sehemu ambayo kodi hizi zinauma zaidi, na watu hawaiangalii, ni mkopo. Mwaka juzi nilichukua 5,000,000 za kununulia mzigo wa msimu. Afisa akaniambia ada ya kuandaa mkopo ni asilimia 2. Nikapiga kichwani: 100,000. Zilipoingia nikakuta zimekatwa 129,800, mbali na bima. Ni kanuni ile ile: 10,000 ya ushuru, 19,800 ya VAT. Ile asilimia 2 ilikuwa kwa kweli karibu asilimia 2.6. Riba haina kodi hizi, ni ada na kamisheni ndizo zinazobeba. Kwa hiyo ukipewa mikopo miwili, mmoja una riba ndogo na ada kubwa, mwingine riba kubwa kidogo na ada ndogo, izidishe ada kwa 1.298 kwanza ndipo uchague. Mara moja nilibadilisha uamuzi kwa hesabu hiyo tu.

Sasa kuna kosa ambalo lilinipata na ningependa ulijue, kwa sababu ni dogo kiasi kwamba wengi hawaligundui. Siku moja mtandao wa benki ulisumbua, uhamisho wangu ukapita mara mbili. Wakaurudisha mmoja baada ya siku mbili. Kiasi kilirudi, ada ya 2,000 ikarudi. Lakini nilipopitia taarifa ya akaunti mstari kwa mstari nikaona `EXCISE DUTY` 200 na `VAT` 396 za ule muamala uliofutwa hazijarudi. Nikaenda tawini. Dada wa dirishani akanijibu kwa upole kabisa kwamba kodi ikishakatwa ni ya serikali, benki hawawezi kuirudisha.

Hilo si sahihi. Kodi hizo zipo kwa sababu ada ipo. Ada ikifutwa, hakuna huduma iliyouzwa, na hakuna cha kutozwa ushuru wala VAT. Benki hupeleka ritani ya VAT kila mwezi, na sheria inawaruhusu kurekebisha muamala uliofutwa hata kama ritani ya mwezi ule ilishakwenda. Niliandika barua fupi, nikaweka tarehe, namba ya muamala, na mistari yote mitatu iliyokatwa pamoja na mmoja uliorudi, nikapigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Baada ya kama wiki mbili 596 iliingia. Tangu hapo nikiona muamala umerudishwa nahesabu: mistari mitatu ilitoka, mitatu lazima irudi, ukiacha mstari wa kiasi chenyewe.

Kwa uhamisho wako wa 400,000 basi, fungua taarifa ya akaunti ya siku ile. Ukikuta 2,000, 200 na 396, kila kitu kiko sawa na huna cha kudai. Ukikuta mstari wa nne wa makato, au ukikuta hizo asilimia hazitoki, piga picha ukurasa huo na uwaulize tawini kwa kutaja mstari wenyewe, usiwaulize "mbona nimekatwa sana", maana hapo watakupa orodha ya ada na mtarudi pale pale. Na kama huyo uliyemtumia ana duka au anauza kitu, muulize kama ana lipa namba. Malipo ya mfanyabiashara hayakuwekewa tozo tangu mwanzo mwaka 2021, na pesa isiyotolewa taslimu haikutani na tozo ya kutoa. Dalali wangu wa Ifakara sasa analipia mbolea na mafuta ya trekta kwa njia hiyo, anatoa taslimu ile tu ya vibarua.